Dola Ilifikaje Shilingi 160? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Nimekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la kubadilisha fedha katikati ya mji wa Mombasa. Maswali yaliyo hapa ni yale niliyoulizwa mara nyingi zaidi, hasa kati ya 2022 na 2024, dola ilipopanda hadi watu wakawa wanasoma ubao wetu kabla ya kusalimu. Karibu yote yanahusu shilingi ya Kenya na kipindi hicho, kwa sababu ukikielewa kipindi hicho umeelewa sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

## Bei yenyewe

Nani hupanga bei ya dola kila siku?

Hakuna mtu mmoja anayeipanga. Dola inauzwa na kununuliwa kama samaki ufukweni: mashua zikija nyingi bei inalala, bahari ikichafuka bei inapaa. Soko lenyewe liko kwenye benki. Kila benki ina wafanyakazi ambao kazi yao ni kununua dola kwa wateja wenye nazo, kama wauzaji chai na mahoteli, na kuwauzia wateja wanaozihitaji, kama waagizaji wa mafuta, ngano na dawa. Benki ikipungukiwa hununua kwa benki nyingine, na zikiizidia huuza. Biashara hiyo kati ya benki na benki ndiyo huitwa soko la baina ya benki.

Benki Kuu ya Kenya hutazama biashara hiyo, huchukua wastani wake, na kutangaza bei elekezi. Neno la kushika hapo ni elekezi. Bei hiyo inaeleza watu walivyouziana. Haimlazimishi yeyote kukuuzia kwa bei hiyo.

Mbona bei ya Benki Kuu si ile ninayopewa dirishani?

Kwa sababu bei ya Benki Kuu iko katikati, nasi tuna bei mbili. Tunanunua dola chini kidogo ya katikati na kuiuza juu kidogo. Tofauti ile ndiyo inayolipa kodi ya duka, mishahara na hatari ya bei kugeuka wakati noti ziko kwenye sefu. Ikiwa bei elekezi ni 129, si ajabu kukuta ubao umeandika kununua 127 na kuuza 131.

Noti yenyewe nayo ina bei. Dola mia moja mpya tunainunua vizuri, lakini noti ndogo za dola 1, 5 au 10, na zile za zamani zenye picha ndogo ya kichwa, hupewa bei ya chini, kwa kuwa na sisi tutasumbuka kuziuza. Wateja wengi hudhani wanaonewa. Kabla hujahesabiwa pesa, uliza bei ya noti ulizonazo mkononi, maana bei ya ubaoni mara nyingi ni ya noti kubwa.

Pengo kati ya kununua na kuuza pia ni kipimo kizuri cha hali ya soko. Likiwa dogo, soko limetulia. Likianza kupanuka bila sababu unayoijua, wauzaji wana hofu. Mimi huliamini pengo hilo kuliko habari za redio.

Wazee husema dola ilikuwa shilingi saba. Kwa nini serikali isirudishe bei hiyo?

Wazee hawakosei. Shilingi ya Kenya ilipoanza kutumika 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na bei hiyo ilitajwa na serikali. Baadaye serikali iliendelea kutaja bei huku ikiishusha shilingi hatua kwa hatua, mpaka Oktoba 1993 ilipoiachia sokoni.

Kutaja bei ni rahisi. Kazi ni kuitetea. Ukisema dola ni shilingi 7, kila anayekuja na shilingi 7 lazima apate dola, na dola hizo zitoke kwenye akiba yako. Akiba ikipungua unaanza kugawa kwa kibali, huyu apate na yule akose, na papo hapo linazuka soko la pili lenye bei ya kweli. Tuliona kivuli cha jambo hilo hata 2023. Limeelezwa katika swali la dola iliyotangazwa lakini haipatikani.

## Shilingi ilivyoshuka

Dola za Kenya hutoka wapi, na huenda wapi?

Zinaingia kwa njia chache. Kubwa kuliko zote siku hizi ni pesa zinazotumwa na ndugu zetu walio nje: takriban dola bilioni 4.2 mwaka 2023. Kisha kuna chai, maua, parachichi, na watalii. Chai ya hapa huuzwa kwa mnada mjini kwetu Mombasa, na bei hutajwa kwa dola. Lakini mnada huo huuza pia chai ya Uganda, Rwanda na majirani wengine, na dola za chai hiyo hazibaki Kenya. Njia nyingine ni mikopo, na wawekezaji wa nje wanaonunua hatifungani zetu, yaani hati za kuikopesha serikali.

Zinatoka kwa mafuta kwanza. Kabla ya Aprili 2023, mafuta peke yake yalihitaji takriban dola milioni 500 kwa mwezi. Halafu ngano, mchele, mafuta ya kula, magari, mitambo, na malipo ya madeni. Simama Likoni utazame meli zinavyoingia Kilindini zimejaa, kisha uangalie ni makontena mangapi yanaondoka matupu. Kenya hununua nje bidhaa za thamani kubwa zaidi ya inazouza, na pengo hilo hujazwa na pesa za ughaibuni, watalii na mikopo. Moja kati ya hizo ikiyumba, shilingi huyumba.

Kilichoitoa shilingi kwenye 110 hadi 160 ni nini hasa?

Ni mambo manne yaliyofuatana, kila moja likiongeza uzito juu ya lililotangulia.

Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa karibu 110. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa 123. Katika kipindi hicho vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta na ngano, kwa hiyo shehena ileile iliyokuja Kilindini ilihitaji dola nyingi zaidi. Wakati huohuo benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba. Machi 2022 riba yao ilikuwa karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwenye pesa zake London au Dubai, aliyekuwa tayari kukopesha Kenya kwa sababu Marekani haikumlipa kitu, sasa angeweza kulipwa vizuri na Marekani bila wasiwasi. Akaondoka, na alipoondoka aliuza shilingi na kununua dola.

Jambo la tatu ni deni. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani ya kimataifa ya miaka kumi, ile iitwayo yurobondi, na zilipaswa kulipwa zote kwa mkupuo tarehe 24 Juni 2024. Akiba yote ya fedha za kigeni ya Benki Kuu ilikuwa inakaribia dola bilioni 7. Hesabu hiyo kila mtu aliweza kuifanya. Zambia ilikuwa imeshindwa kulipa 2020, Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022, na Ethiopia ikakosa malipo yake Desemba 2023. Soko likaanza kuuliza kama Kenya ndiyo inayofuata. Juu ya deni hilo kulikuwa na mengine ya dola, pamoja na mkopo wa China uliojenga reli inayoanzia Miritini.

La nne ndilo ambalo wengi hawalitaji, nami nililiona kwa macho yangu: hofu. Mwenye dola aliacha kuziuza. Muuzaji bidhaa nje aliziweka kwenye akaunti ya dola akisubiri ziongezeke bei, na mwagizaji alinunua leo dola za miezi mitatu ijayo akiogopa kesho. Hakuna kati yao aliyefanya kosa kwa upande wake. Lakini kila mmoja aliposubiri, dola zilizidi kuadimika, na zilipoadimika kila mmoja aliona alifanya vyema kusubiri. Januari 2024 dola ilivuka 160.

Nitajuaje kama dola ndiyo imepanda au shilingi ndiyo imeshuka?

Tazama sarafu ya tatu. Dola ikipanda dhidi ya kila mtu, basi jambo liko Marekani. Shilingi ikishuka hata dhidi ya yuro, jambo liko nyumbani.

Mwaka 2022 dola ilikuwa ikizipiga karibu sarafu zote, yuro na yeni ya Japani zikiwemo, kwa hiyo kisingizio cha mambo ya dunia kilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 2023 ni habari nyingine. Yuro ilianza mwaka ikiwa karibu dola 1.07 na kumaliza karibu dola 1.10, yaani ilipanda kidogo dhidi ya dola. Shilingi katika mwaka huohuo ilitoka 123 hadi zaidi ya 156. Huwezi kuilaumu dola hapo. Ilikuwa ni shilingi.

Mbona 2023 bei ilitangazwa lakini benki zilisema dola hakuna?

Kwa sababu bei iliyotangazwa ilikuwa chini ya bei ambayo mwenye dola alikubali kuuza. Soko la baina ya benki lilikuwa limekaribia kulala. Benki hazikuuziana sana, na wastani uliotangazwa ulitokana na biashara chache. Mwagizaji alisoma bei moja asubuhi, akaenda benki akaambiwa nyingine ya juu kwa shilingi kadhaa, au akaambiwa apewe kiasi kidogo leo na arudi Alhamisi. Nilikuwa nikipata wateja wa viwanda wanaozunguka mji mzima kukusanya dola elfu mbili hapa, elfu tatu pale.

Machi 2023 Benki Kuu ilitoa kanuni mpya za maadili ya soko hilo, benki zikaanza kuuziana tena, na bei rasmi ikaanza kuikimbilia ile ya kweli. Sehemu ya kushuka kulikoonekana 2023 ni hiyo: ubao ulikuwa unakiri jambo lililokwisha kutokea.

Mwezi huohuo serikali ilitia saini mpango wa mafuta na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, ili malipo yafanyike baada ya siku 180 badala ya siku chache. Mpango uliondoa msongo wa zile dola milioni 500 kwa miezi michache. Haukufuta deni. Siku 180 zilipotimia malipo yalianza kudaiwa huku mafuta mapya yakiendelea kuja, na hiyo ni sababu mojawapo dola iliendelea kupanda kufikia mwisho wa mwaka.

Kutoka 110 hadi 160, shilingi ilipoteza asilimia ngapi?

Utasikia majibu mawili na yote ni sahihi. Dola ilipanda kwa asilimia 45, kwa sababu 50 ni asilimia 45 ya 110. Shilingi ilishuka kwa asilimia 31, kwa sababu shilingi 160 zilinunua kile ambacho awali 110 zilinunua, na 110 ni karibu asilimia 69 ya 160. Mwagizaji aangalie ya kwanza, maana ndiyo nyongeza ya gharama yake. Anayejiuliza mshahara wake una nguvu gani nje ya nchi aangalie ya pili.

## Kurudi kwa shilingi

Februari 2024 ilitokea nini hata dola ikaanguka ghafla?

Hofu iliondolewa kwenye mzizi wake. Katikati ya Februari serikali iliuza yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia sehemu kubwa kununua mapema ile ya 2014. Ilikopa kwa gharama kubwa, zaidi ya asilimia 10, lakini swali la Juni lilikuwa limejibiwa.

Wiki hiyohiyo Benki Kuu ilipiga mnada wa hatifungani ya miundombinu ya shilingi, yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Iliingiza takriban shilingi bilioni 241. Wageni waliitaka, na ili waipate ilibidi walete dola na kununua shilingi. Benki Kuu ilikuwa imekwisha kupandisha riba yake pia, kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 Desemba 2023, kisha 13 Februari.

Waliokuwa wameshikilia dola walipoona bei inashuka, wote walikimbilia kuuza. Siku chache zile dirishani kwetu zilikuwa kinyume cha mwaka mzima uliopita: foleni ilikuwa ya wauzaji. Tulishusha bei asubuhi, tukaishusha tena mchana, na bado walikuja. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131, na kuanzia Agosti 2024 ikakaa karibu 129.

Basi mbona bei ya mchele haikurudi?

Tufanye hesabu ya kontena moja. Namba za bei ni za mfano, ila njia ndiyo hii inayotumika. Tuseme kontena lina tani 25 za mchele, yaani magunia 500 ya kilo 50, na hadi bandarini Mombasa linagharimu dola 15,000.

Kwa dola ya 110 ni shilingi 1,650,000, sawa na 3,300 kwa gunia. Kwa dola ya 160 ni 2,400,000, sawa na 4,800. Ongeza ushuru. Ukiwa asilimia 35, kwanza ulikuwa 577,500 na sasa ni 840,000, kwa kuwa forodha huhesabu asilimia juu ya thamani iliyogeuzwa kuwa shilingi. Kiwango cha ushuru hakikubadilika, lakini ushuru umepanda. Kwa jumla gunia limepanda shilingi 2,025, yaani 40 na nusu kwa kilo, kabla ya lori na kabla ya faida ya muuzaji wa Kongowea.

Sasa dola ikirudi 129, mchele uliopo ghalani ulinunuliwa kwa dola ya 160. Mwenye mali hataki kuuza kwa hasara, na haamini bado kwamba 129 itakaa. Shehena mpya huchukua wiki kadhaa kuagizwa, kusafiri na kutolewa bandarini. Kisha, 129 bado si 110. Hata kila mtu akishusha bei kwa haki kabisa, mchele hauwezi kurudi pale ulipokuwa 2021. Lakini nitasema nilivyoona: kupanda kulifika dukani kwa siku chache, na kushuka kulichukua miezi, na si gharama zote zinazoeleza tofauti hiyo. Mahali ambapo maduka mengi yanashindana, bei ilishuka mapema zaidi.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini Benki Kuu isiuze tu dola zake nyingi bei ishuke?

Huuza, lakini kutuliza mawimbi. Kuyazuia haiwezi. Inatakiwa ijitahidi kuwa na akiba inayotosha kununua bidhaa za nje kwa angalau miezi minne. Ikiuza ovyo, soko litaona akiba inakauka na litakimbia zaidi, kwa sababu zilezile za hofu zilizotajwa juu. Kuchapisha shilingi hakusaidii kitu, kwa kuwa kinachokosekana ni dola, na shilingi nyingi zaidi zikizifukuza dola zilezile, bei hupanda.

Kuna anayefaidika shilingi ikishuka?

Wapo. Mama wa Majengo anayetumiwa dola 200 na mwanawe aliye nje alipata shilingi 22,000 kwa dola ya 110 na 32,000 kwa dola ya 160. Mkulima wa chai hulipwa zaidi kwa shilingi. Hoteli inayotoza watalii kwa dola na kulipa mishahara kwa shilingi hupumua. Ila yule mama alinunua mchele wa ile hesabu ya kontena, na mkulima alinunua mbolea iliyokuja kwa meli, kwa hiyo faida yao ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ujumbe wa simu.

Yeni 150 ni dola moja, na shilingi 129 ni dola moja. Basi shilingi ina nguvu kuliko yeni?

Hapana. Ukubwa wa namba hauelezi nguvu, kama vile kupima kitambaa kwa futi badala ya mita hakukirefushi. Tazama namba inavyosogea kwa miaka, na bei za nyumbani zinavyosogea pamoja nayo.

Dola imekaa 129 muda mrefu. Je, imefungwa?

Watu huuliza kwa sababu utulivu wa namna hiyo si wa kawaida sokoni. Bei rasmi haijafungwa kisheria. Kinachoonekana ni kwamba dola zimeingia vizuri, pesa za ughaibuni zikifika karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na Benki Kuu imekuwa ikinunua dola za ziada kuongeza akiba. Ikinunua wakati ziko nyingi, inazuia bei isianguke zaidi. Ukitaka kujua kama bei ni ya kweli, fanya jaribio la 2023: nenda kanunue. Ukiipata dola karibu na bei iliyotangazwa bila kuzungushwa, bei ni ya kweli.

Ninaweka akiba ya Hija, na malipo hutajwa kwa dola. Ninunue dola sasa au nisubiri?

Januari 2024 alikuja mzee mmoja akanunua dola 1,000 kwa shilingi 160,000, akiogopa zitafika 200. Mwisho wa Machi, mtu aliyenunua wakati ule na kuamua kuziuza alipata karibu 130,000. Lakini mzee yule hakuziuza, kwa sababu alizihitaji kama dola. Alizinunua ghali, ila hakupoteza njiani mara mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama utalipa kwa dola kweli. Kama hutalipa, dola za kabatini zinakugharimu pengo la kununua na kuuza, na hazizai chochote. Kama utalipa, usinunue zote siku moja. Gawa kiasi unachohitaji kwa miezi iliyobaki, nunua sehemu kila mwezi bei iwe juu au chini, na chukua noti za mia zilizo safi. Utapata bei ya wastani, na hutabaki ukisoma ubao wetu kila asubuhi. Weka risiti zote, maana ukizipeleka benki dola hizo utaulizwa zilitoka wapi.